Mfanyakazi akishtakiwa nje ya kazi, aripoti nini? Sera tatu zikipimwa kwa watu watatu

Jumatatu moja, kabla hata sijafungua kompyuta, dereva wetu aliingia ofisini akafunga mlango nyuma yake. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imeloa jasho kwenye mikunjo, akaiweka mezani. Ilikuwa nakala ya hati ya mashtaka. Wiki iliyotangulia, akiwa na pikipiki yake mwenyewe, siku yake ya mapumziko, alimgonga mwendesha baiskeli njia ya Hombolo. Akasomewa shtaka la kuendesha chombo cha moto kwa uzembe, akapata dhamana.

"Madam," akasema, "sijui kama hii inawahusu. Ila nimeona bora mjue kwangu kuliko kwa watu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Kanuni zetu za kazi zilikuwa na mstari mmoja tu: mfanyakazi atoe taarifa ya "jambo lolote linaloweza kuathiri sifa ya shirika". Mstari wa namna hiyo ni mtego. Muoga ataripoti hadi ugomvi wa kuku na jirani, mjanja atanyamaza, na siku ya siku bosi atausoma anavyotaka.

Shirika letu liko hapa Dodoma, tuko watu 38, tunawahudumia wakulima wa zabibu na alizeti. Ndani ya mwaka ule tulipata kesi nyingine mbili. Mhasibu msaidizi wetu, ambaye mtaani kwake ni mweka hazina wa kikoba, alishtakiwa kwa kujipatia fedha za wanakikundi kwa udanganyifu. Na mlinzi wetu, mzee wa Chamwino, alishtakiwa kwa shambulio la kudhuru mwili baada ya kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. (Nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mtu.) Tulipokaa kuandika sera mpya, mapendekezo yalikuwa matatu, na hawa watatu wakawa mizani yetu. Kama nawe umekwama kwenye kuchagua, huenda wakakusaidia.

Ninaongelea waajiri wa sekta binafsi na mashirika. Watumishi wa umma wana Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake, njia yao ni nyingine.

Kwanza, sakafu ambayo hakuna sera inayoweza kuivunja

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Wengi wanadhani hilo ni la mahakamani tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imelileta mpaka kazini: kifungu cha 37(5), kwa namba za sheria ilivyotungwa, kinasema mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai hawezi kupewa adhabu ya kinidhamu wala kuachishwa kazi kwa kosa lilelile kimsingi, hadi mahakama iamue na rufaa iishe.

Mwajiri hajafungwa mikono kabisa. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinamruhusu kumsimamisha aliyeshtakiwa akisubiri uamuzi wa mahakama na rufaa yake, kwa sharti moja zito: mshahara kamili. Piga hesabu. Dereva wa shilingi 450,000 kwa mwezi, kesi ikienda miezi 14, ni shilingi 6,300,000 kwa mtu aliyekaa nyumbani, bado hujamlipa anayeshika usukani wake. Ndiyo maana ofisi nyingi husema "tumemsimamisha", kumbe wamemkatia mshahara kimyakimya, halafu wanakutana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

La mwisho ni karatasi yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa zinazohusu makosa ya jinai kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti haichakatwi kienyeji. Kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa sheria yenyewe ikiruhusu vinginevyo. Kwa hiyo ile nakala iliyoloa jasho, tangu ilipogusa meza yangu, ilikuwa mzigo wa ofisi. Kuiomba ni jambo moja, kuitunza ni jingine.

Vigezo tulivyotumia

Tuliuliza maswali manne kwa kila sera. Wajibu wa kuripoti unaanzia hatua gani: kuitwa polisi, kukamatwa, kusomewa shtaka, au kutiwa hatiani? Kosa linagusa kazi ya huyu mtu, au ni maisha yake tu? Nani ataiona taarifa na itakaa wapi? Na je, nani anagharimika, mfanyakazi anayesema, anayenyamaza, au ofisi?

Swali la kwanza ndilo lililotuchukua muda, kwa sababu kwa Kiswahili chetu cha kila siku maneno haya yanaingiliana. Mtu anakuambia "ana kesi" na hujui anamaanisha nini. Pengine kuna mtu kaenda kituoni kachukua namba ya RB juu ya deni. Pengine ni kesi ya madai, ambayo hata siyo jinai. Pengine alishikwa kwenye msako usiku, akalala kituoni, akatoka asubuhi bila shtaka lolote. Kushtakiwa, kwa maana tuliyokubaliana, ni kusomewa hati ya mashtaka mbele ya hakimu. Sera isiyotaja hatua hiyo itazalisha ugomvi hata kama mengine yote yamekaa sawa.

Sera ya kwanza: ripoti kila kitu

Hii ndiyo aliyoitaka mkurugenzi. Kila mfanyakazi, wa cheo chochote, akikamatwa au akishtakiwa kwa lolote, atoe taarifa ndani ya saa 24.

Uzuri wake ni kwamba haina ubishi. Hakuna anayejiuliza kama kosa lake "linagusa kazi", na hakuna meneja anayependelea. Kanuni za Utendaji Bora, pale zinapopima kama sababu ya kumwachisha mtu ni ya haki, zinauliza kama kanuni aliyoivunja iko wazi, inaeleweka, mfanyakazi aliijua, na inatumika kwa watu wote sawasawa. Kwa kipimo cha uwazi na usawa, sera hii inafaulu vizuri kuliko zote. Mpwa wa bosi na mfagizi wanaandika fomu ileile.

Lakini kanuni hizohizo zinauliza pia kama sharti lenyewe ni la busara, na hapo ndipo inapoanza kupwaya. Mchukue mlinzi. Nilipomwonyesha rasimu alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaniuliza, "Binti yangu, na hii ya mpaka wa shamba na yenyewe mnaitaka? Mtaifanyia nini?" Sikuweza kumjibu. Kesi za mipaka, matusi, ugomvi wa ndugu na masuala ya ndoa zinajaa Mahakama za Mwanzo, na nyingi huisha kwa kupatana. Ukizikusanya zote, ndani ya miaka miwili una kabati la aibu za watu ambazo hazikusaidii kuendesha shirika. Kwa kigezo cha usiri hii ndiyo sera inayochukua kingi kuliko inachohitaji, na kuchukua taarifa zaidi ya lengo lake ni jambo ambalo sheria ya taarifa binafsi hailipendi.

Halafu ile saa 24. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani au kumpa dhamana ndani ya saa 24, lakini aliyenyimwa dhamana, au aliyekosa wadhamini, anapelekwa rumande na simu yake inabaki kaunta. Ataripoti vipi? Hapa kuna shimo la pili, kubwa zaidi. Mwongozo wa kanuni zile unataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu ya kukubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa mfano wa kosa zito. Nimewahi kuona mahali pengine, miaka ya nyuma, mtu akitoka rumande siku ya tisa anakuta barua ya kuachishwa kwa utoro. Kuwa rumande ni sababu, na ni sababu inayothibitika kwa karatasi za mahakama. Sera ya saa 24 isiyoruhusu mke, ndugu au wakili kuleta taarifa kwa niaba inamgeuza mtu aliyefungiwa kuwa mtoro.

Gharama nyingine haionekani kwa macho. Wafanyakazi wakijua kila kukamatwa kunaingia faili, wanaacha kusema kabisa. Dereva wetu alikuja mwenyewe pasipo sera yoyote. Sina hakika angekuja kama angejua karatasi ile itasomwa na kamati ya watu saba.

Inamfaa nani? Taasisi ambayo karibu kila aliyemo anashika kitu hatari au watu wanyonge: kampuni ya ulinzi yenye silaha, bweni la watoto, kituo cha watoto yatima. Huko ubaguzi wa kazi hii na ile hauna maana sana, kwani hata mpishi ana funguo za bwenini. Hata hivyo ningeondoa "kukamatwa" nikaacha "kushtakiwa".

Sera ya pili: ripoti kinachogusa kazi yako

Hapa kila kazi ina orodha fupi. Anayeshika fedha: wizi, udanganyifu, kughushi, utakatishaji. Anayeendesha gari la ofisi: makosa ya usalama barabarani yaliyofikishwa mahakamani. Anayekaa na watoto: makosa ya kujamiiana, ukatili, na makosa dhidi ya mtoto. Anayeshika mifumo ya kompyuta: makosa ya mtandao. Kilicho nje ya orodha ni chako na familia yako.

Tuliongeza jambo moja ambalo sikuwahi kuliona kwenye sera za wengine, nalo lilitokana na mhasibu. Alipopewa dhamana, moja ya masharti lilikuwa asitoke nje ya mkoa bila kibali cha mahakama. Hili ni sharti la kawaida kabisa. Sisi tunamtuma Manyoni na Singida kulipa vikundi kila mwezi. Kama asingesema, tungemtuma, naye angechagua kati ya kuvunja dhamana na kukataa kazi. Kwa hiyo orodha ya kila kazi ikafuatiwa na kipengele hiki: hata kama kosa lako halimo, sema iwapo masharti ya dhamana yanakuzuia kufanya kazi yako. Huhitaji kutaja kosa. Unataja sharti.

Sasa wapime watatu. Dereva anaripoti, kwa sababu akitiwa hatiani hakimu anaweza kumfungia leseni, na bila leseni hana kazi ya udereva. Ingawa pikipiki ilikuwa yake na siku ilikuwa yake, uhusiano upo na unaonekana. Ile faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 aliyowahi kuandikiwa na trafiki haihusiki, maana haikufika mahakamani. Mhasibu anaripoti, kwa mambo mawili, kosa na sharti la dhamana. Mlinzi haripoti. Hapo mkurugenzi aliruka: mlinzi kashtakiwa kwa kupiga mtu, na kazi yake ni rungu! Tulibishana saa nzima. Mwisho tuliweka shambulio kwenye orodha ya walinzi, lakini lile la kudhuru mwili na kuendelea, siyo kusukumana na kutukanana. Kwa hiyo mzee naye akaingia. Nakiri bado sijaridhika, na ndiyo udhaifu wa sera hii: orodha huwa inavutwa huku na huku, na kila mwaka mtu atataka kuongeza.

Usiri unakaa vizuri zaidi hapa kwa kuwa kinachokusanywa ni kidogo. Fomu yetu ni ukurasa mmoja: jina la mahakama, namba ya kesi, kosa na kifungu chake, tarehe itakapotajwa tena, na masharti ya dhamana yanayogusa kazi. Basi. Hakuna nafasi ya "eleza kilichotokea", na hilo halikusahaulika, tuliliondoa kwa makusudi. Mshtakiwa ana haki ya kutojitia hatiani mwenyewe, na maelezo aliyoyaandikia ofisi kwa woga yanaweza kuombwa na waendesha mashtaka yakasomwa mahakamani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mistari kumi ya maelezo. Wakili tuliyemwonyesha aliikata kwa kalamu nyekundu bila kusema neno.

Kipengele chenyewe kilitoka hivi:

"Mfanyakazi aliyesomewa shtaka la jinai lililo kwenye orodha ya kazi yake, au ambaye masharti ya dhamana yake yanamzuia kufanya kazi yake, atamjulisha Ofisa Rasilimali Watu kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi tangu asomewe shtaka, au tangu atoke mahabusu. Ndugu au wakili anaweza kutoa taarifa kwa niaba yake. Mfanyakazi hatatakiwa kueleza kama alitenda kosa au hakutenda. Kutoa taarifa si kukiri kosa."

Gharama kwa ofisi ni kazi ya kufikiri. Lazima ukae na kila kazi, uulize ni makosa gani yangemfanya mtu asifae kwa kazi hii, na uweze kulitetea jibu lako. Kwa mfanyakazi, hatari ni kukosea kusoma orodha. Mtu akinyamaza kwa kuelewa vibaya, hiyo isiwe sawa na aliyeficha. Na anayeficha kweli anaweza kuitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kosa la kuficha, ambalo ni tofauti na kosa lililoko mahakamani. Lakini hapo mwajiri atembee taratibu: akitumia "kuficha" kama mlango wa nyuma wa kumwadhibu kwa shtaka lenyewe, atajikuta amerudi kwenye ukuta wa kifungu cha 37(5). Namna ya kujua ni rahisi. Soma barua ya mashtaka ya nidhamu, kisha funika neno "kutotoa taarifa" kwa kidole. Kama barua bado inasimama, basi unamwadhibu kwa kesi ya mahakamani.

Inafaa ofisi zenye kazi za aina nyingi, na zenye mtu wa rasilimali watu anayeweza kuitunza orodha. Ofisi ya watu sita itaiona ni mzigo.

Sera ya tatu: ripoti hukumu tu

Aliyeitetea hii alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na hoja yake ilikuwa ya Katiba moja kwa moja. Kama mtu hana hatia mpaka ithibitike, ofisi inataka shtaka la nini? Mfanyakazi aripoti akitiwa hatiani kwa kosa la jinai. Kabla ya hapo anaomba ruhusa tu ya siku za mahakama.

Kwa mlinzi hii ni nzuri mno. Kesi yake iliisha kwa kupatana, mlalamikaji akasamehe, na kama tungekuwa na sera hii ofisini pasingekuwa na karatasi yake hata moja. Usiri ni mkubwa kuliko sera zote, na mwajiri haonjwi na kishawishi cha kumhukumu mtu mapema. Tena haina shida ya mashtaka yanayoondolewa, ambayo kwenye sera mbili za kwanza inasumbua kweli. Upande wa mashtaka unaweza kuondoa kesi, au Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea nayo, mtu akatoka. Lakini kuondolewa shtaka kabla ya kujitetea si sawa na kuachiwa huru baada ya kusikilizwa, na anaweza kukamatwa tena kwa jambo lilelile. Nimeona watu wakichana faili siku hiyohiyo, na wengine wakilishikilia miaka. Sisi tulikubaliana: akiachiwa huru, fomu inaharibiwa mbele yake muda wa rufaa ukipita, shtaka likiondolewa tu, fomu inabaki kwenye bahasha iliyofungwa miezi 6, kisha inaharibiwa. Ukichagua sera ya tatu, hayo yote hayakuhusu.

Kwa mhasibu, hata hivyo, inauma. Kesi yake ilichukua zaidi ya mwaka. Kila wiki mbili tatu ilitajwa, upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa. Muda wote huo, chini ya sera hii, angekuwa anatia sahihi hundi na kubeba fedha taslimu kwenye basi la Singida, nasi hatujui lolote. Sisemi angeiba. Ila pesa zikipotea, hata kwa kosa la mtu mwingine kabisa, wa kwanza kunyooshewa kidole angekuwa yeye, na asingekuwa na namna ya kujitetea. Kwa kuwa tulijua, tulimhamishia kwenye kuandaa hati za malipo, sahihi na fedha zikashikwa na mwingine, mshahara wake haukuguswa hata senti. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alilala vizuri zaidi.

Kwa dereva sera hii inasuasua. Akitiwa hatiani na leseni ikafungwa, ofisi inajua siku hiyohiyo haina dereva, na gari limepangwa Kondoa kesho yake.

Watu wengi hufikiri hukumu ikitoka kazi imeisha. Hapana. Rufaa lazima iishe, na hata ikiisha, mfanyakazi anaitwa kwenye kikao, anapewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anasikilizwa juu ya swali moja: je, kosa hili linaiharibu kazi hii? Mtunza bustani aliyetiwa hatiani kwa kukojoa hadharani bado anajua kupogoa mizabibu.

Sera hii inafaa ofisi ndogo, au mahali ambapo udhibiti wa ndani umekaa vizuri: hundi zina sahihi mbili, fedha taslimu hazibebwi, hakuna mtu anayekaa peke yake na mtoto. Pia inafaa mahali ambapo imani kati ya uongozi na wafanyakazi imevunjika, maana ukiwaomba mashtaka huko hawatakuletea.

Kuhusu usiri, neno la pembeni

Kuna aliyeniuliza, siri ya nini wakati Dodoma hii kila mtu anamjua mwenzake? Ukipandishwa kizimbani asubuhi, mchana Majengo sokoni wanajua. Ni kweli. Lakini umbea wa sokoni hauandiki barua ya tathmini, wala haukai mezani siku ya kupandisha vyeo. Sisi fomu zinakaa kwenye bahasha ndani ya kabati langu, nje ya faili la mfanyakazi, na mkurugenzi akitaka kuona anaandika sababu na tarehe kwenye daftari. Alilalamika mara moja. Sasa amezoea.

Kulingana na hali yako

Kama wafanyakazi wako hawazidi kumi na wote mnaonana kila siku, anza na sera ya tatu, na uongeze kipengele cha masharti ya dhamana. Kipengele hicho peke yake kitakuokoa na mengi.

Kama unaendesha bweni, kituo cha watoto, au kampuni ya silaha, chukua ya kwanza, ila anzia kwenye kusomewa shtaka na utoe muda wa siku kadhaa badala ya saa 24. Kesi za madai, wito wa polisi na faini za trafiki ziache nje kwa maandishi.

Kama una wahasibu, madereva, maofisa ugani na wafagizi chini ya paa moja, kama sisi, ya pili itakupa kazi ya wiki mbili za kuandika orodha. Zifanye na wafanyakazi, siyo juu yao. Kubadili masharti ya ajira ya watu waliokwisha kuajiriwa kunataka kushauriana nao na kuwajulisha kwa maandishi, na asiyeelewa maandishi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mlinzi wetu tulimsomea kipengele mara mbili, mara ya pili kwa Kigogo, na mwenzake ndiye aliyetafsiri.

Kama uko kwenye sekta yenye msimamizi wake, benki kwa mfano, soma kwanza msimamizi anataka nini. Huenda huna uchaguzi kwa baadhi ya nafasi, na sera yako inabaki kwa waliosalia.

Na kama huna fedha za kumlipa mtu mshahara kamili akiwa nyumbani, usiandike neno "atasimamishwa" kwenye sera yako. Andika "atabadilishiwa majukumu pale inapowezekana, bila kupunguziwa mshahara". Dereva wetu alitumia miezi mitano stoo, akihesabu mifuko ya mbegu za alizeti na kutunza leja, mpaka alipoachiwa huru. Siku aliyorudishiwa ufunguo wa gari alianza na kulalamika kwamba aliyelishika alikuwa hapimi oili.